Vitabu vya hadithi vya Kifaransa kwa anayejisomea

"Wakuu, niko Nyegezi, Mwanza. Nimemaliza kitabu cha kwanza cha Kifaransa. Nichague vipi hadithi za kujisomea, na nisomeje sura moja kwa wiki?"

Ndugu, jalada huandikwa ngazi ya ugumu, A1 iliyo rahisi zaidi, A2 au B1, lakini usiliamini peke yake. Fungua katikati, maana kurasa za mwanzo mara nyingi ni nyepesi. Hesabu maneno 100, majina ya watu usiyahesabu. Usiyoyajua yakizidi matano, shuka ngazi. Ukikuta "il fut" au "il vint" kila mstari, kiache kwanza: huo ni wakati uliopita wa maandishi, na ukitafuta "fut" katika kamusi huenda usiione, kwani imejificha chini ya "être". Chagua chenye sauti iliyorekodiwa, kwani Kifaransa huandika herufi zisizotamkwa. "Il parle" na "ils parlent" husikika sawa.

Jumatatu soma sura yote bila kamusi, ukipigia mstari kwa penseli maneno usiyoyajua. Jumatano tafuta katika kamusi yale yaliyojirudia au yanayokuzuia kujua nani kafanya nini, yasizidi kumi, na nakili kila moja pamoja na sentensi yake. Usiandike Kiswahili juu ya mstari. Ukirudia, jicho litasoma Kiswahili tu. Ijumaa sikiliza ukifuata kitabuni, halafu bila kitabu (feri ya Ukerewe inatosha kwa hilo). Jumapili simulia sura kwa sentensi tano za Kifaransa, kitabu kimefungwa. Ukikwama sentensi ya pili, rudia sura hiyohiyo wiki ijayo.