Maharage, pera na chai: maswali yenu kuhusu madini ya chuma

Nakula maharage na mchicha karibu kila siku, lakini kliniki wameniambia damu imepungua. Chuma chote kinakwenda wapi?

Kingi kinatoka chooni. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban miligramu 4 za chuma, ila utumbo huchukua sehemu ndogo tu. Chuma cha mimea huja katika umbo ambalo utumbo hauwezi kulipokea mpaka libadilishwe kwanza, na ndani ya maharage na dona kuna fitati, ambazo hukishika chuma kisiachie. Vitamini C hulibadilisha umbo hilo, kisha hukibeba chuma kikiwa kimeyeyuka hadi kinapopokelewa, kabla fitati hazijakiwahi.

Sahani yako ya ugali, maharage na mchicha iache ilivyo, uongeze pera moja. Pera la kawaida lina zaidi ya miligramu 100 za vitamini C. Chungwa lina kama 70. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza fitati kiasi.

Hata hivyo, waulize kliniki chanzo cha upungufu huo. Kama ni minyoo, malaria au hedhi nzito, pera peke yake halitaziba pengo.

Nikila chungwa asubuhi na maharage usiku, si bado yanakutana tumboni?

Hayakutani. Vitamini C inafanya kazi hii pale tu inapokuwa tumboni pamoja na chakula chenye chuma. Lihamishie chungwa lako usiku.

Mimi nakamulia ndimu kwenye mchicha ukiwa bado unachemka. Inatosha?

Ndimu nzima haifiki miligramu 15 za vitamini C, na moto unapunguza hata hizo. Kamulia ukishaipua, au katia kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho mbichi. Hoho ndiyo tajiri hapo, kuliko nyanya. Wengi hudhani kila kichachu kina vitamini C, lakini ukwaju unayo kidogo mno na siki haina kabisa.

Chai ya rangi baada ya kula ina ubaya gani?

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakipoteza chuma bila kujua. Tanini za chai hunasa chuma cha mimea, na chai inayonywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Maziwa hayaondoi tatizo hilo, na kahawa nayo ina tabia hiyohiyo. Subiri angalau saa moja baada ya kula.

Mwanangu ana selimundu. Nimpe vidonge vya chuma na juisi ya machungwa?

Matunda ale kama kawaida. Vidonge usimpe, mama, mpaka daktari apime kiwango cha chuma mwilini mwake. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi, nacho hudhuru ini na moyo.