Foleni mlangoni kwenye harusi ya kadi

"Wageni 300, kadi zina QR, bado foleni inafika barabarani. Tunahakikije majina bila kuwasimamisha watu?"

Ongezeni mtu wa pili wa kuskani, halafu wekeni meza ya pembeni kwa kadi zinazokataa. Mwenye kadi safi hupita kwa sekunde 10 hivi, yaani watu 6 kwa dakika. Wakifika 200 ndani ya nusu saa, mtu mmoja hawezi. Ila kinachoua kabisa ni yule mmoja anayebishana dakika tatu huku wote wakimsubiri. Kadi ikikataa, mlinzi asijadili, amwelekeze mezani kwa mwanakamati anayezijua familia zote mbili.

Kuna aliyeshauri wageni wadaiwe vitambulisho mlangoni, yuko sahihi nusu. Kamati imeandika "Mama Neema", kitambulisho kina jina lingine kabisa, mtalinganisha nini? Hapo mezani tumieni orodha ya karatasi iliyopangwa kwa tarakimu tatu za mwisho za simu aliyotumia kuchangia. Ndivyo tulivyofanya kwenye harusi ya mdogo wangu, na hata mtandao ulipokatika tuliendelea.

Shida inayobaki ni picha ya kadi iliyosambazwa Watsapu: anayewahi ndiye anayeingia, mwenyewe akija anaambiwa imeshatumika. Ipigieni namba iliyo kwenye orodha, simu yake ikiita mbele yenu, mwingizeni. Yule aliyewahi kuingia kwa picha ndiyo keshakaa, kumtoa ni kazi nyingine.