Je, "mjinga" ni tusi?

*"Mwalimu wetu alitufundisha kuwa mjinga si tusi, maana yake ni mtu asiyejua jambo, na kwamba tusi ni mpumbavu. Juzi nimemwambia mwenzangu kazini kuwa yeye ni mjinga wa mambo ya kodi, akanuna siku nzima. Nani yuko sahihi?"*

Mwalimu wako ana haki kuhusu historia ya neno, na mwenzako ana haki kuhusu neno lilivyo leo.

Kamusi za zamani, zilizokusanywa Unguja na pwani kuanzia karne ya 19, zinampa mjinga maana ya mtu asiye na uzoefu, na zinaongeza kuwa aliitwa hivyo hata mgeni aliyefika karibuni, hasa mtumwa mpya ambaye bado hajazoea lugha na mambo ya pwani. Ujinga wa namna hiyo ulikuwa hali ya kupita. Ndiyo sababu methali yetu inasema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani: anayetazamiwa kuerevuka hawezi kuwa mtu mwenye kasoro ya akili.

Sasa neno liliporomokaje? Wanaisimu huita mabadiliko haya kushuka hadhi kwa maana, na kwa kawaida hayatokei kwa mtu mmoja kuamua. Asiyejua hukosea, hudanganywa, huchekwa. Neno likitajwa kila mara katika mazingira hayo, msikilizaji huanza kuihesabu dharau kuwa sehemu ya maana, ingawa msemaji wa kwanza aliikusudia kama kionjo tu. Mtoto anayejifunza lugha kwa kusikia watu wakiitana wajinga kwa hasira hana njia ya kujua kwamba hasira si sehemu ya neno. Yeye analipokea pamoja na hasira yake, na kwake hiyo ndiyo maana.

Ukitaka kuziona maana hizo mbili zikiishi pamoja, liache neno mjinga kidogo, utazame vitenzi vinavyofuatana na *ujinga*. Baada ya uhuru, viongozi wa Tanganyika na Kenya walitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, na hakuna mwananchi aliyeona ametukanwa. Ujinga huo *hufutwa* au *huondolewa*, tena na mtu mwingine: mwalimu, kisomo, shule. Lakini sikiliza mzazi anapomkemea kijana: "Acha ujinga!" au "Umefanya ujinga gani huu?" Kinachoachwa au kufanywa ni tendo, na tendo lina mwenye kulaumiwa. Huwezi kumwamuru mtu aache kutojua. Kwa hiyo katika sentensi hizo neno limeshahama kabisa kutoka kwenye upungufu wa elimu kwenda kwenye tabia.

Umbo la neno nalo lina sauti yake. *Ujinga*, likiwa jina la hali, bado linavumilika katika hotuba. *Mjinga*, linalomwangukia mtu usoni, limeshuka zaidi. *Kijinga*, kama katika "swali la kijinga", sijalisikia likitumika kwa wema hata mara moja.

Kiambatisho "wa mambo ya kodi" kilipaswa kukuokoa, kwa kuwa kinaubana ujinga kwenye jambo moja. Mtu akisema "mimi ni mjinga wa kompyuta", kila mtu anaelewa kuwa hajui kompyuta tu. Ila huyo anajisema mwenyewe. Ukilielekeza neno kwa mwenzio, sikio lake hunasa "mjinga" kabla hujafika kwenye kodi.

Kuhusu mpumbavu, mwalimu amelitwisha mzigo ambao nalo halikuzaliwa nao. Limetokana na kitenzi *pumbaa*, kuduwaa au kupotewa na fahamu kwa muda, likaongezwa -vu ileile tunayoiona katika mtulivu, kutoka tulia. Mpumbavu alikuwa mtu aliyepumbaa. Limeporomoka kwa njia ileile, ila lilitangulia na limefika chini zaidi. Na safari hii si ya kushuka tu: *mjanja*, ambaye zamani alikuwa laghai, leo vijana wengi wanajiita hivyo kwa fahari.

Hapo ndipo hoja ya mwalimu inapokwama. Asili ya neno inatueleza lilikotoka, lakini haina mamlaka juu ya anayelisikia leo. Ukiona watu wanalazimika kufafanua "mjinga, yaani asiyejua, si tusi", ujue neno limeshageuka, kwa kuwa lisilo na tatizo halihitaji utetezi huo. Katika methali na katika mada ya kufuta ujinga litumie bila wasiwasi. Kwa mwenzako kazini, mwambie hajazoea mambo ya kodi, au bado ni mgeni nayo.