Kabla hujasema programu yako imeongeza kasi mara 15

Wadogo zangu mnaoanza kazi za hesabu sambamba hapa Tanga, mkinionyesha jedwali la kasi nitauliza kwanza: mlipoongeza kori, kazi ilibaki ileile au nayo iliongezeka?

Chukueni programu ya kukokotoa maji kupwa na kujaa kati ya Tanga na Pemba. Tuseme kori moja inamaliza kwa dakika 100: dakika 5 ni za kusoma faili la vina vya bahari na kuandika matokeo, kazi isiyogawanyika, na 95 ni za gridi. Gridi ikibaki ileile kwenye kori 16, zile 95 hushuka hadi karibu 6, lakini 5 hazisogei. Jumla ni dakika 10.94, kasi mara 9.14. Hata mkipewa kori elfu, mara 20 hamtaifikia. Hiyo ndiyo hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967.

Sasa kila kori ipewe kipande cha bahari chenye ukubwa wa gridi yote ya mwanzo. Kori 16 zinabeba eneo mara 16, na muda unabaki dakika 100. Kori moja ingehitaji 5 + 95 × 16, yaani dakika 1525, kwa hiyo kasi ni mara 15.25. John Gustafson alitoa hesabu ya aina hii mwaka 1988, akiwa na mashine ya prosesa 1024.

Wengi hudhani wawili hawa wanapingana. Angalieni kanuni zao:

```
Amdahl:    S = 1 / (s + (1 - s)/N)
Gustafson: S = N - s(N - 1)
```

`S` ni kasi, `N` ni idadi ya kori, na `s` ni sehemu ya muda wote inayokwenda kwenye kazi isiyogawanyika. Herufi `s` ni ileile, ila kwa Amdahl hupimwa kwenye kori moja, kwa Gustafson hupimwa wakati kori zote N zinafanya kazi. Katika jaribio letu la kwanza, 5 kati ya 10.94 ni 0.457. Iwekeni kwenye kanuni ya Gustafson: 16 - 0.457 × 15. Mnapata 9.14 ileile! Kinachobadilika ni kazi mliyoipima.

Ile 15.25 nayo msiiamini haraka, maana imechukulia kwamba dakika 5 hazikui. Tuseme 4 kati yake ni za kuandika matokeo kupitia prosesi moja. Eneo likiwa mara 16, uandishi unakuwa dakika 64, na jumla inapanda hadi 160. Kori moja ingetumia 1585, hivyo kasi halisi ni mara 9.9 tu. Mkipima muda wa jumla peke yake mtaulaumu mtandao bure. Wekeni saa tofauti kwenye kusoma, kukokotoa, kubadilishana mipaka ya gridi na kuandika, kisha rudieni kwa kori 1, 4 na 16, eneo likikua pamoja nazo. Muda wa kuandika ukiongezeka sambamba na idadi ya kori, tatizo liko hapo.