Mama, naomba hela: ombi likae juu ya barua pepe

Februari mwaka jana niliandika barua pepe ya aya tisa kwa mhasibu wetu mkuu, mama aliye makao makuu Dar es Salaam. Paa la ghala letu la mkonge hapa Gofu, Tanga, lilikuwa linavuja na masika yalikuwa yanakaribia. Nilianza na salamu, nikaeleza historia ya paa, nikataja mafundi watatu waliokuja kulikagua na bei ya kila mmoja. Ombi lenyewe, idhini ya shilingi 3,850,000, lilikuwa aya ya nane. Kwamba bei ya fundi tuliyemchagua ilikuwa inaisha Ijumaa ile, nililisema aya ya tisa, karibu na "wako mtiifu".

Ijumaa ikapita kimya. Fundi akapandisha bei, mvua ikaanza kabla hatujaelewana, marobota 11 yakalowa. Singa ya mkonge ikilowa hupata madoa na daraja lake hushuka. Nilimpigia mhasibu huyo nikiwa nimefura. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, si ungeniambia tu unataka hela?" Barua aliiona akiwa kwenye foleni ya pantoni Kigamboni, akaona salamu na historia ya paa, akaiweka ya kusoma baadaye.

Nilipoirudia barua ile kwenye simu yangu nikaelewa. Kabla ya kufungua barua, simu inaonyesha kichwa na kipande kifupi tu cha maneno ya mwanzo. Kichwa changu kilisema "Taarifa kuhusu ghala". Kipande kile chote kilikuwa kimeliwa na "Natumai hujambo wewe na familia, sisi huku Tanga tunaendelea vizuri". Hakuna neno hata moja lililomwambia kwamba anadaiwa jibu.

Leo ningeiandika hivi:

Kichwa: Idhini ya sh. 3,850,000, paa la Gofu, mwisho Ijumaa 28/2

Shikamoo Mama. Naomba idhini yako ya sh. 3,850,000 za kuezeka upya paa la ghala la Gofu. Naihitaji kabla ya Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, saa 10 jioni (16:00), maana bei ya fundi inaisha siku hiyo. Ukijibu "Nimeidhinisha" inatosha. Maelezo na bei za mafundi wote watatu ziko hapa chini.

Baada ya hapo zile aya zangu nyingine zinabaki, kila fungu na kichwa chake kidogo: hali ya paa, bei za mafundi, hatari ya kuchelewa. Anayetaka undani ataushukia. Barua haikuwa na kosa la kuwa ndefu.

Saa nimeiandika mara mbili kwa makusudi. Ukiandika "saa 4" peke yake, wewe unamaanisha saa nne asubuhi, yaani 10:00, na mwenzako aliyezoea saa za kompyuta anasoma 16:00. "Kesho" nayo iache kabisa, kwa sababu barua ikisomwa siku inayofuata, kesho yako imeshakuwa leo yake. Siku ya juma na tarehe viende pamoja, na uviangalie kwenye kalenda. Vikipishana, msomaji atachagua kile kinachompa nafasi zaidi.

Sisi watu wa Pwani tutauliza: kuomba kabla ya kujuliana hali si utovu wa adabu? Shikamoo inaingia vizuri mwanzoni, haichukui nafasi. Habari za watoto na wagonjwa mimi huzipeleka mwisho wa barua, na huko zinasomwa kwa utulivu zaidi. Yupo mzee mmoja wa Pangani ninayeshughulika naye ambaye hilo halimpendezi, basi huyo humpigia simu kwanza tukasalimiana, barua ikafuata. Na kama mtu hakujui, sentensi moja ya kujitambulisha itangulie ombi.

Siandiki ombi kwanza, lakini. Naandika barua yote inavyonijia, kisha natafuta sentensi yenye "naomba". Karibu kila mara iko mkiani. Naikata, naipandisha juu, halafu najitumia mwenyewe nione simu inaonyesha nini. Nikikuta "naomba" mbili zinazohitaji majibu tofauti, natengeneza barua mbili, kwa sababu mtu mwenye haraka hujibu lile jepesi na kuona kazi imekwisha.

Mwaka huu niliomba hela za mifereji ya lile lile ghala, ombi na tarehe vikiwa mstari wa kwanza. Jibu lilirudi kabla sijamaliza chai: "Nimeidhinisha. Mama yako goti lake linaendeleaje?" Goti nilikuwa nimelitaja mwisho kabisa wa barua.