Bwana shamba ukistaafu, usikimbilie bodaboda: anza na kitalu cha parachichi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia. Ni bwana shamba, mwakani anatimiza miaka 60, na tayari shemeji zake wameshampangia matumizi ya kiinua mgongo: bodaboda tatu na duka la vinywaji. Anauliza kama kuna kitu kidogo anachoweza kufanya kwa ujuzi alionao. Kipo, na kwa ukanda wake hakuna kinachomfaa kuliko kitalu cha miche ya parachichi ya kubebesha, aina ya Hass, yaani mche wa kienyeji uliounganishwa na ncha ya tawi la Hass. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaokianzisha hukosea palepale.

Kwanza uelewe unauza nini. Kumwagilia mche hata kijana wa darasa la saba anaweza. Mkulima akinunua mche leo, atajua kama kweli ni Hass baada ya miaka mitatu au minne, ukianza kuzaa. Katikati hapo ana imani tu. Bwana shamba aliyezunguka kata zilezile kwa miongo mitatu anajua shamba la nani lina miti ya Hass iliyozaa vizuri mfululizo, na la nani lina miti inayokauka ncha kila masika. Ujuzi huo wa miti mama ndio mtaji. Muuza miche wa barabarani hana, na hawezi kuununua.

Basi kabla ya kununua kiriba hata kimoja, tembelea mashamba matatu au manne unayoyaamini, kubaliana na wenyewe, uweke alama miti utakayokata vikonyo, yaani ncha za matawi za kubebeshea. Mti uwe umeshazaa, umeuona matunda yake kwa macho yako, na hauna dalili za kuoza mizizi. Andika namba ya kila mti kwenye daftari. Pita pia TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ukajue masharti ya kusajili kitalu, kwa maana wakaguzi wanafika hadi vijijini siku hizi.

Sasa kalenda. Njombe mvua zinaanza Novemba hadi Desemba, na mkulima anataka mche wakati huo. Hesabu kurudi nyuma. Mche uliobebeshwa unahitaji miezi minne hadi mitano ili ufikie sentimita 50 au 60 na kukomaa. Kwa hiyo ubebeshe Julai au mwanzoni mwa Agosti. Mche wa kienyeji wa kubebeshea, kwa baridi ya kule, unahitaji miezi mitano au sita kufikia unene wa penseli. Kwa hiyo mbegu ziwe ardhini Januari, ukichelewa sana Februari. Wanaosia Aprili hukutwa na baridi ya Juni miche ikiwa kama njiti, inasimama haikui, wanabebesha Oktoba, na miche inakuwa tayari mvua zikiwa zinaisha. Hapo wanaanza kulalamika soko gumu.

Mbegu chukua kwenye parachichi za kienyeji zilizochumwa mtini. Tunda lililookotwa chini linaweza kubeba vimelea vya kuoza mizizi kutoka kwenye udongo, na ugonjwa huo ukiingia kitaluni utauuza pamoja na miche. Kwa usalama zaidi, tumbukiza mbegu kwenye maji ya nyuzi joto 49 hadi 50 kwa dakika 30, kisha zipoze. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole: maji yakizidi hapo unapika mbegu, yakipungua sana unaziogesha tu. Usizianike juani zikakauka kama mahindi. Mbegu ya parachichi ikikauka imekufa, na hata ikitunzwa kivulini haidumu zaidi ya wiki chache. Menya ganda la nje, kata kipande chembamba upande wa ncha ili iote upesi, kisha ipande upande bapa ukiwa chini.

Viriba viwe vya inchi 8 kwa 12. Vile vidogo vya miche ya miti ya mbao ni vya bei rahisi, lakini mzizi wa parachichi hufika chini haraka na kuanza kujizungusha. Kiriba hiki hubeba karibu lita tatu na nusu za udongo, kwa hiyo viriba 1,200 vinakula kama mita za ujazo nne na kidogo, yaani toroli 70 hivi. Changanya sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga. Udongo usitoke chini ya miparachichi ya zamani. Panga viriba juu ya kokoto au mbao, visikae kwenye tope, kwa sababu maji yakituama mizizi inaoza. Dalili utaiona: majani yanapauka na kunyauka wakati udongo umeloa. Kibarua asiyejua akiona mnyauko huongeza maji, na ndivyo anavyomalizia kazi.

Kubebesha kwenyewe, kama mkono wako unatetemeka, ajiri fundi bila aibu. Kazi yako ni kuchagua vikonyo. Chukua ncha za matawi, sentimita 8 hadi 12, zenye unene sawa na wa mche, vifundo vimevimba lakini havijafunguka. Kikonyo chenye dalili ya maua kiache, kwani kitatoa maua kitaluni badala ya tawi, kisha kitakauka. Kata asubuhi, ondoa majani ukibakiza vijiti vyake, vifunge kwenye gazeti lenye unyevu ndani ya mfuko, vikae kivulini, na vitumike siku hiyo au kesho yake. Kata mche kwenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, pasua katikati, chonga kikonyo kama kabari, na hakikisha ganda la kikonyo limekutana na ganda la mche walau upande mmoja. Funga kwa utepe wa nailoni, funika kwa kifuko cheupe, uweke chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50. Wiki ya tatu au ya nne, kikonyo kilichoshika kinaanza kuchipua. Kilichogeuka cheusi kimekufa.

Fundi mlipe kwa mche ulioshika, usimlipe kwa mche aliokata. Makubaliano hayo yafanyike mapema na mhesabu pamoja baada ya wiki sita. Ukimlipa kwa idadi aliyokata, atakata 300 kwa siku na nusu zitakauka.

Tuchukue mfano wa hesabu, nawe weka bei za kwenu. Umesia mbegu 1,200. Zikiota vizuri unabaki na miche kama 1,000, lakini yote haitafikia unene wa penseli kwa pamoja, tuseme 870 ndiyo inabebesheka. Ikishika robo tatu, una miche 650 ya kuuza. Gharama: viriba, udongo, mbegu na dawa shilingi 590,000, neti, nguzo na tangi la maji la lita 1,000 shilingi 650,000, fundi kwa shilingi 300 kila mche ulioshika, 195,000, kibarua wa nusu siku kwa miezi kumi, 800,000. Jumla 2,235,000. Gawanya kwa 650, kila mche umekugharimu takribani shilingi 3,440. Ukiuza 4,000, msimu wa kwanza unapata faida ya 365,000 tu. Msimu wa pili neti na tangi vipo, gharama ya mche inashuka hadi kama 2,440, na faida inapita milioni moja.

Wengi hugawanya gharama kwa mbegu walizosia, ndiyo maana wanatangaza faida kubwa kwenye vikao halafu msimu wa pili hawaonekani. Jaribu hesabu ileile miche ikishika nusu tu: unabaki na 435, na kila mmoja umekugharimu karibu 5,000. Umeuza kwa hasara na hujui. Kwa mstaafu, ubora wa vikonyo una faida kuliko kuongeza idadi ya viriba. Na ukitaka kuongeza idadi, subiri kwanza uone umeshika robo tatu. Kibarua yuleyule anayemwagilia miche elfu moja anaweza kumwagilia elfu mbili.

Mauzo yaanze Agosti, miche ikiwa inachipua. Chukua oda kwa malipo ya awali ya nusu, andika jina, idadi na tarehe ya kuchukua. Mkulima asiyekupa hata elfu kumi mwezi wa nane hatakuja Desemba. Oda kubwa za mkopo, hata zikitoka kwa watu uliofanya nao kazi ofisini, ziogope. Mche hausubiri hundi. Unaendelea kunywa maji na kukuza mizizi.

Halafu kuna jambo linalowakera mabwana shamba wote wastaafu, na wana haki ya kukereka: watu wamezoea ushauri wao ni bure. Ulikuwa unalipwa na serikali. Sasa nauli ni yako. Usianze kugombana nao, weka ushauri ndani ya bei. Anayenunua miche 50 na kuendelea anapata ziara mbili shambani: ya kwanza kupima mashimo kabla ya kupanda, ya pili baada ya miezi miwili. Wengine wote walipie ziara, na bei uibandike ukutani kitaluni ili isiwe mjadala wa uso kwa uso.

Ziara ya pili usiiruke hata kama shamba liko mbali. Mche ukishapandwa, sehemu ya kienyeji chini ya kiungo hupenda kutoa machipukizi. Yasipong'olewa hunyang'anya chakula, kikonyo cha Hass kinadhoofika na kufa, na kinachobaki shambani ni mparachichi wa kienyeji uliojaa afya. Mwenye shamba anaupalilia kwa mapenzi miaka minne, kisha anakuja kitaluni na kikapu cha matunda laini ya kijani akisema umemtapeli. Kwenye ziara hiyo ng'oa machipukizi yote ya chini mbele yake, muoneshe kovu la kiungo lilipo, na hakikisha halijafukiwa na udongo. Piga picha ya kovu hilo na uandike tarehe kwenye daftari, kando ya namba ya mti mama.

Miche itakayobaki Machi bila mnunuzi itakujaribu. Toa michache kwenye viriba uangalie. Kama mizizi bado imenyooka, hamishia kwenye viriba vikubwa zaidi na uiuze msimu ujao kwa bei ya juu kidogo. Kama imeshajisokota chini kama kamba, mti utadumaa shambani hata uwekewe samadi kiasi gani. Hiyo itupe, ukianza na ile ambayo jirani ameomba umpe bure.