Nyota 4.6 kwenye skrinshoti zisikudanganye

"Wakuu, jamaa kanitumia skrinshoti ya maoni 8 ya aplikesheni ya mikopo, na aplikesheni yenyewe kwa jumla ina nyota 4.6. Haya maoni ni ya kweli?"

Mkuu, usikope bado! Kosa linalotuumiza wengi ni kutazama nyota kabla ya tarehe, na mimi nimelilipia. Achana na hiyo 4.6. Chukua karatasi, uandike kila maoni kwa tarehe yake, ya zamani juu.

Ukishapanga utaona hivi. Sita kati ya yale manane yana nyota tano, na matano kati ya hayo sita yameandikwa kati ya tarehe 11 na 13 Machi. Manne yanaanza kwa jina kamili la aplikesheni, halafu "mkopo unaingia haraka, riba nafuu", kwa mpangilio uleule. Mtu aliyepata hela yake haandiki jina refu la aplikesheni. Anaandika "iko poa" na kuendelea na shughuli zake. Mbaya zaidi, mawili yana "asateni" badala ya "asanteni". Watu wawili wasiojuana wanaweza kusifia kitu kimoja, lakini kukosea herufi ileile ndani ya siku tatu ni dalili ya maneno yaliyonakiliwa.

Tarehe kurundikana peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Aplikesheni ikianza kuwaomba wateja waipe nyota, maoni humiminika kwa siku chache. Ila hapo nyota huchanganyika, na kila mtu huongea kwa lugha yake. Kinachotia shaka ni tarehe na maneno kwenda pamoja.

Sasa soma yale mawili ya nyota moja. Moja ni la 2 Februari, jingine la 27 Machi: "Niliomba 50,000 nikapewa 32,000, siku ya sita wakampigia mama yangu." Hapo kuna kiasi, kuna siku, kuna aliyepigiwa. Maoni ya kununuliwa ni nadra kuwa na vitu hivyo.

Wanaotusambazia skrinshoti hizi kwenye magrupu ndio wananiudhi. Anayekutumia ndiye aliyechagua cha kukata na cha kuacha, na wengine wanalipwa kwa kila anayejiunga! Maoni manane kati ya maelfu hayakuonyeshi yaliyobaki. Fungua Google Play mwenyewe, ingia kwenye maoni, toa "Most relevant" uweke "Newest", kisha chagua nyota moja tu. Soma ishirini. Kama lawama ya makato au ya kupigiwa ndugu inajirudia kwa maneno tofauti, wiki tofauti, iache.

Halafu tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya waliopewa leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na nyota hazikaguliwi na Benki Kuu. Weka hapa jina la hiyo yako tuitazame kabla hujabonyeza kuomba.